Printa inachapa, intaneti hakuna: kuisaka seva pandikizi ya DHCP ofisini

Hitilafu nyingi za mtandao wa ofisi ni rahisi kuzieleza: kebo imekatika, bando limeisha, ruta imeungua baada ya umeme kurudi kwa kishindo. Ninayotaka kuifafanua hapa ni ya aina nyingine, kwa sababu huacha nusu ya mtandao ikifanya kazi vizuri kabisa. Printa inachapa. Folda la pamoja linafunguka. Ila intaneti hakuna, tena haikosekani kwa wote. Meza hii inalia, meza ya jirani inaendelea na kazi, na wote wawili wako kwenye swichi ileile.

Chukulia ofisi moja ya uwakala wa forodha hapa Tanga, maeneo ya Chumbageni. Ina kompyuta kama 20, printa 2, swichi moja ya Cisco Catalyst yenye poti 24 na ruta ya Cisco inayowaunganisha na mtoa huduma wa intaneti. Kazi yao yote inapita mtandaoni: bila kuingia kwenye mfumo wa forodha, nyaraka haziendi na mzigo unabaki bandarini ukihesabiwa gharama. Jumatatu asubuhi wanampigia simu fundi wao.

"Shikamoo kaka. Net imekufa tena, na meli inashusha leo."

"Marahaba. Imekufa kwa wote?"

"Mimi na wenzangu wengi. Mama mhasibu yeye inamkubali. Printa zote zinatoa."

Mtu wa kawaida angempigia mtoa huduma wa intaneti. Lakini katika majibu hayo mna habari 2 zinazomtoa mtoa huduma kwenye orodha ya washukiwa. Mhasibu anapata intaneti, kwa hiyo laini ya nje ni nzima. Printa zinatoa, kwa hiyo kebo na swichi ni nzima. Kilichoharibika ni maelekezo ambayo kila kompyuta imepewa kuhusu njia ya kutokea nje, na mgawaji wa maelekezo hayo ni DHCP.

Kompyuta inapowashwa haina anwani ya IP. Hutuma tangazo kwa mtandao mzima, liitwalo DISCOVER, kuuliza kama kuna seva yoyote ya kuipatia anwani. Seva iliyosikia hujibu kwa OFFER: anwani yako iwe hii, lango la kutokea nje ni hili, seva ya majina ni hii, na utaikodi kwa muda fulani. Kompyuta ikiridhika hutuma REQUEST, nayo seva hufunga makubaliano kwa ACK. Pakiti hizi husafiri kwa UDP, seva ikisikiliza kwenye poti namba 67 na mteja kwenye namba 68. Utaratibu huu umeandikwa kwenye RFC 2131 ya mwaka 1997, na hadi leo haujabadilika kwa kiini.

Tatizo lipo kwenye hatua ya kwanza. Kompyuta haina njia ya kujua ni seva ipi iliyowekwa na mwenye ofisi. Ni kama mgeni anayeshuka stendi asiyejua mji: kondakta wa kwanza kumshika mkono ndiye anayempeleka. Seva 2 zikijibu, kwa kawaida kompyuta huchukua OFFER iliyotangulia kufika, basi. Hakuna nywila wala muhuri. DHCP ilibuniwa kwa mtandao ambao kila aliyechomeka kebo anaaminika, na ofisi zetu si mtandao wa namna hiyo.

Hata mbio zenyewe hazina usawa. Ruta ya Cisco inayogawa anwani ina tabia ya kiungwana: kabla ya kutoa anwani mpya huipigia ping mara 2, kila mara ikisubiri hadi nusu sekunde, ili ihakikishe hakuna anayeitumia. Kwa hiyo OFFER yake inaweza kuchelewa kwa karibu sekunde nzima. Kisanduku cha bei nafuu kisichojisumbua kuchunguza hujibu papo hapo, na hushinda karibu kila mara. Seva halali inashindwa kwa sababu ya uangalifu wake.

Sasa rudi Chumbageni. Mtandao wa ofisi hii ni 192.168.1.0/24, na lango halali, yaani ruta ya Cisco, liko 192.168.1.254. Ijumaa alasiri mmoja wa wafanyakazi wa chumba cha nyuma, ambako Wi-Fi haifiki vizuri, alileta ruta ndogo ya nyumbani. Akachukua kebo ya mtandao, akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi, simu yake ikaonyesha alama ya Wi-Fi, akafurahi. Tundu alilochagua lilikuwa la LAN. Angechomeka kwenye tundu la WAN, ruta ile ingejitenga na kuwahudumia waliounganishwa kwake tu, na huenda wenzake wasingejua kabisa kwamba ipo. Kwenye LAN ikawa sehemu ya mtandao wa ofisi, pamoja na seva yake ya DHCP ambayo kiwandani huwashwa tayari. Kwa bahati mbaya anwani yake ya kiwandani ilikuwa 192.168.1.1, ndani ya mtandao uleule wa ofisi, na ilikuwa imepangwa kugawa kuanzia .100 hadi .199, ikijitaja yenyewe kama lango na kama seva ya majina.

Hapo ndipo dalili zote zinapopata maelezo. Kompyuta iliyopewa anwani na ruta hiyo bado iko kwenye mtandao wa 192.168.1.0/24, kwa hiyo inaongea na printa na folda la pamoja moja kwa moja. Majirani wa mtandao mmoja hawapiti kwenye lango. Inaweza hata kupiga ping 192.168.1.254 na kujibiwa, jambo ambalo humpoteza fundi mwenye haraka: "lango liko hai, basi shida iko nje." Lango halali liko hai kweli, ila kompyuta hailitumii. Pakiti za nje zinapelekwa 192.168.1.1, kisanduku ambacho tundu lake la WAN ni tupu, na zinafia hapo. Dalili nyingine ambayo watu huipuuza ni kufungua kivinjari na kukuta ukurasa wa kuingia kwenye ruta usioufahamu. Baadhi ya ruta za nyumbani zikikosa intaneti humpeleka mtumiaji kwenye ukurasa wao wenyewe. Ukiambiwa hivyo kwenye simu, nusu ya kazi imekwisha.

Lakini kwa nini Jumatatu, wakati ruta ilichomekwa Ijumaa? Na kwa nini mhasibu amenusurika?

Jibu liko kwenye muda wa kukodi. Ruta ya Cisco, usipoiambia vingine, hukodisha anwani kwa siku 1. Kompyuta iliyokwisha kukodi haisubiri muda uishe. Ikifika nusu, hapa ni baada ya saa 12, humwendea moja kwa moja mwenyeji wake wa zamani na kuomba nyongeza. Haitangazi kwa mtandao mzima, kwa hiyo seva pandikizi, yaani ile ruta ndogo ya nyumbani, haina nafasi ya kudandia. Ijumaa alasiri kila mmoja alikuwa tayari na mkataba wake, na jioni wakazima. Jumapili ikapita, mikataba ikaisha. Jumatatu wote wakawasha kwa wakati mmoja, wakatangaza DISCOVER, na kisanduku cha chumba cha nyuma kikawadaka. Kompyuta ya mhasibu haizimwi wikendi kwa sababu inahifadhi nakala za hesabu usiku, hivyo iliendelea kuongeza mkataba wake kwa seva halali kimyakimya. Ndiyo maana hitilafu hii huonekana kama ya kubahatisha. Haibahatishi: inachagua waliozima.

Uthibitisho wa kwanza hauhitaji swichi yoyote. Kwenye kompyuta iliyoathirika ya Windows, andika `ipconfig /all` na usome mistari 2 ambayo wengi huiruka:

```
Default Gateway . . . . . . . . . : 192.168.1.1
DHCP Server . . . . . . . . . . . : 192.168.1.1
```

Kisha fanya hivyohivyo kwa mhasibu. Yeye ataona 192.168.1.254 kote kuwili. Ukiwa na kompyuta 2 za ofisi moja zinazotaja seva tofauti za DHCP, huhitaji kubishana na mtu tena. Mstari wa `DHCP Server` ndio wa kuamini kuliko ule wa lango, kwa sababu unasema nani aliyekupa maelekezo, si maelekezo tu.

Hatua inayofuata ni kuitafuta anwani ya MAC ya huyo 192.168.1.1. Piga ping kwanza, hata kama hairudishi jibu, halafu `arp -a`. Tuseme inatoka 00-00-5e-00-53-a7. Hii ni alama ya kifaa chenyewe, na swichi inajua kila MAC imeingilia poti gani:

```
SW1# show mac address-table address 0000.5e00.53a7
Vlan    Mac Address       Type        Ports
----    -----------       --------    -----
   1    0000.5e00.53a7    DYNAMIC     Fa0/17
```

Fanya haraka, maana swichi ya Cisco husahau MAC isiyosikika kwa sekunde 300. Ndiyo sababu ya kupiga ping kwanza.

Kwa ofisi yenye swichi moja, na mkosaji aliyewashwa muda huo, hapa ungeweza kusimama. Ila mambo hayaendi hivyo kila siku. Mwenye kisanduku anaweza kuwa anakichomeka saa ya chakula tu, kisha anakizima. Unafika, kila kitu kizima, unaondoka, kesho simu inalia. Na wakati wewe unasaka, watu wanaendelea kupewa lango la uongo. Hapo ndipo DHCP snooping, ulinzi uliomo ndani ya swichi yenyewe, inapostahili kuwashwa: inazuia madhara palepale, na inaweka kumbukumbu.

Wazo lake ni dogo. Katika mtandao wa ofisi, tunajua seva halali iko upande gani. Majibu ya seva, yaani OFFER na ACK, yana sababu ya kuingia kwenye swichi kupitia poti hiyo moja. Poti za wafanyakazi hazina sababu yoyote ya kuleta majibu ya seva, zinapaswa kuleta maombi tu. Kwa hiyo unaiambia swichi poti ipi inaaminika, na swichi inaangusha jibu lolote la DHCP linaloingia kupitia poti nyingine. Haijalishi jibu lina anwani gani ndani yake wala limetoka kwa kifaa cha kampuni gani. Kinachoangaliwa ni mlango lililoingilia.

Ruta ya ofisi yetu imechomekwa Gi0/1. Mpangilio wote ni huu:

```
SW1(config)# interface GigabitEthernet0/1
SW1(config-if)# ip dhcp snooping trust
SW1(config-if)# exit
SW1(config)# no ip dhcp snooping information option
SW1(config)# ip dhcp snooping vlan 1
SW1(config)# ip dhcp snooping
```

Mfuatano huo una sababu zake. Kila poti huanza ikiwa haiaminiki. Ukiwasha snooping kabla ya kuitaja Gi0/1 kuwa ya kuaminika, umeifungia nje seva halali pia. Hakuna atakayelalamika dakika ileile, kwa sababu waliokwisha kupewa anwani wanaendelea nazo. Watakupigia kesho asubuhi, wote kwa pamoja. Mstari wa mwisho ndio unaowasha kila kitu, na ndiyo maana unawekwa mwisho. Na usipotaja VLAN, yaani kipande cha mtandao kinachopaswa kulindwa, `ip dhcp snooping` peke yake haifanyi lolote: ipo kwenye mpangilio, inapendeza macho, hailindi kitu.

Mstari wa `information option` nao unahitaji maelezo, maana umewafanya watu wengi waizime snooping kwa hasira na kusema haifai. Snooping ikiwashwa, swichi ya Cisco kwa kawaida yake hubandika kwenye ombi la mteja taarifa ya ziada, chaguo namba 82, inayosema ombi hili limeingilia poti gani. Ni taarifa nzuri kwa mitandao mikubwa. Lakini ruta ya Cisco inayogawa anwani ikipokea ombi lenye chaguo namba 82 huku sehemu ya anwani ya mpokezanaji, yaani kifaa kinachopitisha maombi kutoka mtandao mwingine, ikiwa na sufuri, hulitilia shaka na kulitupa. Matokeo yake snooping imewashwa vizuri, poti inaaminika, na bado hakuna anayepata anwani. Kwa ofisi ndogo isiyoihitaji taarifa hiyo, izime kwa mstari ule na uendelee na kazi.

Baada ya hapo hakiki kwa `show ip dhcp snooping`. Tafuta mstari unaosema inafanya kazi, `operational`, kwenye VLAN 1, na uone Gi0/1 ndiyo pekee iliyoandikwa `yes` kwenye safu ya kuaminika.

Kompyuta zilizodakwa hazijirekebishi muda uleule. Zina mkataba mkononi, na lango la uongo limo ndani yake hadi mkataba uishe. Ukubwa wa kero hiyo unategemea muda ambao pandikizi lilikodisha. Hili la Chumbageni lilikodisha kwa saa 2, kwa hiyo kufika saa nne na nusu asubuhi wengi wangejikwamua wenyewe. Kwa kuwa meli ilikuwa inashusha, fundi aliwaambia kila mmoja aandike `ipconfig /release` kisha `ipconfig /renew`. Kabla ya snooping, amri hizi ni kamari, unaweza kurudi mikononi mwa mdanganyifu yuleyule. Baada ya snooping, jibu linalofika ni la seva halali. Kujua nani kapona huhitaji kuzunguka meza kwa meza:

```
SW1# show ip dhcp snooping binding
```

Jedwali hilo linaorodhesha MAC, anwani ya IP, muda uliobaki na poti ya kila aliyepewa anwani na seva halali tangu snooping ilipowashwa. Asiyekuwemo ama hajaomba upya, ama anwani yake iliwekwa kwa mkono. Mhasibu wetu hatakuwemo hadi aongeze mkataba, na hilo lisikutie wasiwasi.

Ndani ya dakika chache ofisi nzima ilirudi mtandaoni, isipokuwa chumba cha nyuma. Huko waliandika amri zilezile na kila mara walirudishiwa 192.168.1.1. Hapa snooping inaonekana kama imeshindwa, na fundi asiyejua mipaka yake angeanza kubomoa mpangilio mzuri. Ukweli ni kwamba chumba kile kilikuwa na kebo moja tu kutoka kwenye swichi kuu. Chini ya meza kulikuwa na swichi ndogo ya poti 5, ile isiyo na mpangilio wowote, iliyogawa kebo hiyo kwa kompyuta 2, printa, na sasa ruta ya nyumbani. DISCOVER ya kompyuta za chumba hicho ilifika kwa pandikizi bila kutoka nje ya meza, na jibu likarudi bila kupita kwenye swichi kuu. Swichi haiwezi kuangusha pakiti ambayo haikupita kwake. Mpaka huohuo upo kwenye Wi-Fi: vifaa 2 vilivyoungana na kisambazaji kimoja vinaweza kudanganyana bila swichi kujua, labda uwe umewasha utenganishaji wa wateja kwenye kisambazaji chenyewe.

Lakini chumba hichohicho ndicho kilichomchoma mkosaji. Kifaa kinapoomba anwani kinaweza kutaka kijibiwe kwa tangazo badala ya kutumiwa peke yake, na printa ya chumba cha nyuma ilikuwa ya aina hiyo. Tangazo husambaa kila upande. Kwa hiyo OFFER ya pandikizi kwenda kwa printa ilipanda pia kwenye kebo ya kwenda swichi kuu, ikaingilia poti isiyoaminika, ikaangushwa, na swichi ikaandika:

```
%DHCP_SNOOPING-5-DHCP_SNOOPING_UNTRUSTED_PORT: DHCP_SNOOPING drop message on untrusted port, message type: DHCPOFFER, MAC sa: 0000.5e00.53a7
```

Mstari huo ndio ushahidi. Unasema kuna DHCPOFFER imeangushwa, na MAC aliyeituma ni nani. Haukutajii poti, kwa hiyo unarudi kwenye `show mac address-table address` na kupata Fa0/17. Kama mkosaji ni wa kuja na kuondoka, elekeza kumbukumbu za swichi kwenye seva ya kuhifadhi kumbukumbu na uweke saa ya swichi sawa. Asubuhi utasoma saa aliyochomeka, hata kama amekwisha kukizima.

Niongeze tahadhari moja ambayo maelezo mengi ya mtandaoni huiacha. Usichukue ukimya wa kumbukumbu kuwa ushahidi kwamba pandikizi halipo. Snooping ikiwa imewashwa, swichi haipeleki matangazo ya wateja kwenye poti zisizoaminika, inayapeleka kwenye zinazoaminika tu. Maana yake ni kwamba kisanduku kilicho peke yake kwenye poti yake hakisikii DISCOVER ya mtu yeyote, kwa hiyo hakijibu, na hakuna cha kuangusha wala kuandika. Kipo, kimezibwa masikio. Ukitaka kuwajua wote wanaogawa anwani, uliza kabla ya kuwasha snooping, kutoka kwenye kompyuta ya Linux yenye programu ya nmap iliyochomekwa mtandao huo:

```
sudo nmap --script broadcast-dhcp-discover
```

Amri hii hutuma DISCOVER na kukuonyesha majibu yaliyorudi, pamoja na `Server Identifier` na `Router` ya kila jibu. Rudia mara kadhaa, na saa tofauti. Ukiona seva 2 mahali ulipoweka 1, unajua cha kutafuta.

Hadi hapa nimemzungumzia mtu aliyetaka Wi-Fi tu, na kwa uzoefu wa ofisi zetu huyo ndiye mkosaji wa kila siku. Mwenye nia mbaya hafanani naye. Yeye hawezi kukuachia lango lililokufa. Atakupa lango ambalo ni kompyuta yake, nayo inapitisha pakiti zako hadi intaneti kama kawaida, au atakuachia lango halali na kukubadilishia seva ya majina tu. Hakuna atakayempigia fundi, kwa sababu hakuna kilichokatika. Dalili zimo kwenye `ipconfig /all` tu, hasa ule mstari wa `DHCP Server` ambao hakuna anayeusoma siku mambo yanapokwenda vizuri. Kwa snooping hakuna tofauti kati ya hawa 2. Wote wanaleta OFFER kupitia mlango usio wao.

Ofisi ikikua na kuongeza swichi ya pili, poti inayoelekea kwenye seva lazima iaminike kwenye kila swichi iliyoko njiani. Kwenye SW2, hiyo ni poti ya kwenda SW1. Poti ya SW1 inayoshuka kwenda SW2 iache bila kuaminika, kwa sababu upande huo hakuna seva. Nimeona watu wakiaminisha kila kiungo cha swichi kwa swichi, pande zote, "ili kuepuka usumbufu". Ukifanya hivyo, swichi ya chini ambayo haina snooping inakuwa njia ya wazi ya kupitishia OFFER za uongo.

Kuhusu Fa0/17, kulikuwa na njia fupi ya kuandika `shutdown` na kukata chumba kizima. Kwa shambulio la kweli ningefanya hivyo bila kuuliza. Kwa ruta ya Wi-Fi chini ya meza ni kuwaadhibu watu 2 na printa wasio na hatia, na ni mwendo wa hatua 15 kwenda kuitoa kebo kwa mkono. Kisha chumba kile kina shida halisi ya Wi-Fi, na ukimnyang'anya mtu kisanduku chake bila kumpa suluhisho, ataleta kingine. Fundi aliichomoa ruta, akaiunganisha na kompyuta yake peke yake, akazima seva yake ya DHCP, akaibadilishia anwani kuwa 192.168.1.253 iliyo nje ya zinazogawiwa na ruta ya Cisco, akaweka nywila mpya ya usimamizi, halafu akairudisha palepale kwa tundu lilelile la LAN. Ikawa kisambazaji cha Wi-Fi tu, na simu zinazoungana nayo zinapewa anwani na 192.168.1.254. Mwisho akarudi kwenye swichi na kuandika `write memory`, maana umeme ukikatika kabla ya hapo, snooping yote uliyoweka inaondoka nao.